Stakabadhi za Kibanda cha Chai

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo ni ya kale, lakini siku hizi daftari la mwenye biashara ndogo aghalabu huanzia katika simu. Stakabadhi nyingi za maduka huchapwa kwa joto, si kwa wino, juu ya karatasi iliyopakwa dawa. Ikikaa juani au karibu na jiko, maandishi yake huweza kuacha kusomeka. Kwa hiyo ni busara kuipiga picha siku ile ile. Lakini picha huhifadhi maandishi tu, haifanyi hesabu.

Dada yangu huuza chai na mandazi hapa Nyanchwa siku za soko. Mwezi mmoja aliniletea picha kumi na mbili pamoja na jumla aliyoipata mwenyewe: shilingi 15,580. Mauzo yake yalikuwa shilingi 19,500, na kwa kuwa faida ilionekana haba, alikuwa amekwisha kuazimia kupandisha bei. Nilimwuliza alitoa fedha ngapi kisandukuni mwezi ule. Akajibu, shilingi 14,260. Hiyo ilikuwa dalili ya kosa, maana manunuzi yote yalilipiwa kwa fedha za kisanduku, wala hayawezi kuzizidi.

Tulizipanga picha kwa tarehe, tukalinganisha nambari za stakabadhi. Picha mbili zilikuwa na nambari moja: stakabadhi ya shilingi 1,500 ilipigwa mara mbili, mara ya pili ikiwa imekunjwa. Nyingine ilikuwa na hesabu tatu chini yake: jumla 1,580, fedha zilizotolewa 2,000, na chenji 420. Dada aliandika 2,000. Tulipoondoa 1,500 na 420, zikabaki 13,660.

Ndipo tulipogawa mafungu. Unga, sukari, majani ya chai na mafuta vilichukua 9,640. Makaa na gesi 2,900. Karatasi za kufungia na sabuni 780. Stakabadhi moja ilichanganya unga wa kibanda na madaftari ya mtoto ya shilingi 340. Hiyo tuliigawa mstari kwa mstari, na madaftari yakawekwa katika fungu la nyumbani. Mafungu manne yalipojumlishwa, yalirudisha 13,660 ile ile. Basi hapakuwa na kilichosahauliwa.

Hata hivyo kisanduku kilikuwa kimetoa shilingi 600 zaidi. Dada alifikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, ni bodaboda: safari kumi na mbili, kila moja shilingi hamsini." Bodaboda yule hakutoa stakabadhi, nasi tukaandika kwa mkono tarehe na kiasi cha kila safari.

Tulipoongeza 600 na kuondoa 340 za nyumbani, matumizi ya biashara yalikuwa shilingi 13,920, na faida 5,580 badala ya 3,920. Bei ya andazi haikupanda.