Mkia wa Swali na Kazi ya Kiimbo

Katika shule zetu, mkia wa swali, yaani kile kipande kifupi cha kuuliza kinachofuata kauli iliyokwisha kukamilika, hufundishwa katika somo la Kiingereza mithili ya hesabu. Kauli ikiwa yakinishi, mkia huwa kanushi. Kauli ikiwa kanushi, mkia huwa yakinishi. Kitenzi kisaidizi hurudiwa katika njeo ileile, na mtenda hutajwa kwa kiwakilishi. Tungeliiga mpangilio huo, tungesema: "Wageni walifika jana, hawakufika?" na "Juma hajaoa, ameoa?" Kiswahili hakihitaji hesabu hiyo. Neno moja, "sivyo", hutosha kwa nafsi zote na njeo zote.

Jambo ambalo hesabu hiyo hailigusi ni kiimbo, nacho ndicho kinachoamua iwapo mkia ni swali au la. Katika Kiingereza, sauti ikianza juu na kuteremka juu ya mkia, msemaji anaamini alichokisema na anaomba aungwe mkono tu. Sauti ikianza chini na kupanda, msemaji ana shaka na anataka kuarifiwa. Maneno hayakubadilika hata moja. Hivyo mwanafunzi aweza kupata alama zote katika mtihani wa maandishi, kisha akapandisha sauti kila anapotamka mkia, kwa kuwa amefundishwa kwamba ni swali. Akimwambia mwenyeji wake kwamba chakula kilikuwa kitamu, kisha akaongeza mkia unaopanda, mwenyeji atasikia mgeni mwenye shaka na mapishi.

Kiswahili nacho kina kazi hizo mbili. Katika usemi niliouzoea, "sivyo" ya kuhakiki hutamkwa kwa sauti inayoshuka kutoka silabi ya kwanza, iliyo na mkazo, hadi ya pili. "Sivyo" ya kuuliza hubebwa juu kuliko kauli iliyoitangulia, na mara nyingi hufuatwa na kimya cha kungoja. Njia mojawapo ya kutambua jinsi msikilizaji alivyouelewa mkia ni kutazama jibu lake. Akiuchukulia kuwa uhakiki, husema "ndiyo" au "ehee", na mazungumzo yakaendelea. Akiuchukulia kuwa swali, aghalabu hurudia kitenzi: "Walifika", au "Hawakufika".

Tofauti hii si ya wanaisimu peke yao. Katika zahanati moja nilimsikia mhudumu akimwuliza mama, huku macho yake yakiwa kwenye fomu: "Mtoto hajapata chanjo ya surua, sivyo?" Sauti ilishuka. Mama akajibu, "Ndiyo", na mhudumu akaweka alama kwenye kisanduku cha waliochanjwa. Kwa bahati, mama aliiona alama hiyo, akasema, "Bado, dada, ndiyo nimemleta." Jibu lake la awali lilikuwa sahihi kabisa. Kiimbo kilimwalika akubaliane na kauli, naye akakubaliana nayo: ni kweli, hajapata. Katika Kiswahili, "ndiyo" huthibitisha kauli nzima pamoja na ukanushi wake, ilhali katika Kiingereza neno la kukubali hufuata hali ya jambo lenyewe, kwamba limetendeka. Fomu ilijazwa kwa mantiki ya Kiingereza, na jibu lilitolewa kwa mantiki ya Kiswahili. Mkia ungalipandishwa, yamkini mama angalijibu "bado" tangu mwanzo. Lililo salama zaidi ni kuuacha mkia kabisa na kuuliza, "Mtoto amepata chanjo ya surua?" Hapo jibu ni "amepata" au "bado", nayo hayana utata.

Hata hivyo, kiimbo hakifanyi kazi peke yake. Labov na Fanshel, katika kitabu chao cha mwaka 1977, walionyesha kwamba kauli ihusuyo jambo analolijua msikilizaji zaidi ya msemaji huchukuliwa kuwa ombi la uthibitisho, hata pasipo umbo la swali. Nikimwambia mgonjwa, "Usiku hukulala, sivyo?", hata nikishusha sauti, yeye ndiye mwenye habari na ana haki ya kunisahihisha. Nikisema, "Jua la leo ni kali, sivyo?", sote wawili tunaliona, na mkia ni wa kuleta ukaribu tu.

Haya yanawahusu hasa wanafunzi wetu wanaonakili mazungumzo kutoka kwenye kanda na vinasa sauti. Alama ya kuuliza huandikwa vilevile kwa mkia unaoshuka na unaopanda, na anayeisoma nakala hawezi tena kujua kama msemaji aliuliza au alithibitisha. Mshale mmoja mdogo wa kupanda au kushuka, ukiwekwa kando ya "sivyo" wakati sauti ingali masikioni, huihifadhi habari ambayo maandishi yenyewe hayawezi kuirudisha.