Taa za swichi zinasema nini, kabla hujalaumu programu

Leo naweka kando mambo ya kuandika programu, nigusie kile kisanduku chenye taa kilichofungwa ukutani nyuma ya mlango wa stoo. Nazungumzia swichi zile zinazoweza kupewa amri, na mfano wangu ni Cisco Catalyst 2960. Haiuzwi tena mpya, lakini bado unaikuta maofisini. Kampuni nyingine zina rangi zao, kwa hiyo soma kijitabu cha swichi yako.

Kuna ofisi moja hapa Kisumu, karibu na Barabara ya Oginga Odinga, inayotumia programu yangu ya stoo. Mhasibu wao alinipigia simu: "Omera, programu yako imetuangusha tena. Ripoti ya mwezi inachukua dakika nne." Bosi alikuwa ameshaomba bei ya seva mpya, na malipo yangu ya mwisho yamesimama. Nilipokaa kwenye seva yenyewe ripoti ilitoka kwa sekunde chache. Basi shida ilikuwa njiani.

Cha kwanza kutazama ni taa ya SYST, maana ndiyo inayosema hali ya swichi nzima. Ikiwa imezimika, hakuna umeme, na kwa jinsi stima inavyopotea huku kwetu wakati wa mvua hilo si ajabu. Ikipepesa kijani inajipima baada ya kuwashwa, kwa hiyo ngoja. Kijani kilichotulia ni salama. Rangi ya chungwa hapa ndiyo ya kutisha: umeme upo lakini swichi haifanyi kazi sawasawa. Pale ilikuwa kijani.

Cha pili, na wengi hukiruka, ni kuangalia kitufe cha MODE kimeachwa wapi. Taa za matundu hubadilika maana kulingana nacho. Kikiwa kwenye STAT, kijani ni kebo imeunganika, na kupepesa ni data inapita. Kikiwa kwenye SPEED au DUPLX, taa zilezile zinasema habari nyingine kabisa, na unaweza kudhani matundu yamekufa kumbe yako hai.

Tundu namba 7, la seva, kwenye STAT lilikuwa likibadilishana kijani na chungwa. Maana yake kebo imeshika lakini kuna makosa mengi, kama migongano ya data. Nikabonyeza MODE hadi DUPLX. Matundu yenye kompyuta yaliwaka kijani, la 7 likazimika. Kuzimika hapo ni kwamba tundu linafanya kazi kwa zamu, kama redio ya upepo: ukisema husikii. Kwenye kompyuta yangu nikahakikisha:

```
show interfaces status

Port   Name  Status     Vlan  Duplex  Speed
Fa0/7        connected  1     a-half  a-100
```

Aliyeweka seva alikuwa amelazimisha kadi yake iende 100 na iseme na kusikia kwa pamoja, huku swichi ikiachwa ijipangie. Upande uliolazimishwa haujibu mazungumzo ya kupatana. Swichi hutambua kasi, lakini hilo la pili haiwezi kulijua, ikachagua zamu. Seva inasema muda wowote, swichi inaona ni mgongano. Ndiyo maana `ping` ilijibu vizuri, maana ni vipande vidogo na vichache, lakini ripoti kubwa ikakwama.

Nikarudisha kadi ya seva ijipangie yenyewe. Taa ikazimika, kisha ikawa chungwa, na mhasibu akanyoosha mkono achomoe kebo. Nikamzuia. Chungwa iliyotulia kwenye tundu, kwa kama sekunde 30 baada ya kuchomeka, ni swichi inayokagua kama kuna kebo inayozunguka na kurudi kwake. Ukichomoa, hesabu inaanza upya. Isipotoka baada ya dakika moja au mbili, ama swichi imekuta mzunguko kweli, ama imelifunga tundu kwa kosa fulani, na `show interfaces status` itaonyesha `err-disabled`.

Ilikuja kijani, ripoti ikatoka kwa sekunde kumi na kitu. Habari ya seva mpya ikaishia hapo, na wiki iliyofuata nikalipwa. Kama pande zote zingekuwa zimepatana na taa bado inabadilishana, ningebadilisha kebo kwanza, kisha tundu.

Jambo moja taa haisemi: tundu limewekwa kwenye mtandao upi. Ikiwa ni kijani na kompyuta haipati kitu, soma safu ya `Vlan` hapo juu uilinganishe na ya jirani yake inayofanya kazi.