Sabuni Tatu

Kwenye duka la darasa hakuna kitu cha kula. Kuna makopo matupu ya maziwa, pakiti za majani ya chai zilizojazwa karatasi, na noti zilizokatwa kwenye manila. Nilikaa nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya Mbagala, wilayani Temeke, nikikusanya data za tasnifu yangu ya uzamili. Nilikuwa nimekuja kutazama jinsi watoto wanavyojumlisha na kutoa.

Daftari la bidhaa lilikuwa na safu nne: tarehe, zilizoingia, zilizotoka, zilizobaki. Asubuhi sabuni zilikuwa 12, zikaongezwa 6. Kipindi kilipokwisha wakahesabu rafu: zimebaki 7. Kwa hiyo zimetoka 11, na kwa bei ya shilingi 1,000 kila moja, sanduku lilipaswa kuwa na shilingi 11,000. Lilikuwa na 8,000.

"Mwizi!" darasa likapiga kelele.

Muuzaji, binti ambaye mama yake ana genge, hakushtuka. "Mwalimu, nimekopesha tatu. Kundi C waliishiwa hela."

"Mbona hujaandika?"

"Sehemu ya kuandikia haipo."

Kweli haikuwepo. Daftari lilijua kitu kimoja tu: kikitoka, pesa imeingia. Kumbe uswahilini kwetu genge linaishi kwa mkopo. Mteja anachukua unga leo, analipa mshahara ukitoka, na jina lake linakaa kwenye daftari jingine, lile lililochakaa chini ya meza. Mwalimu alichukua rula akachora safu ya tano: deni, nani, lini atalipa.

Kisha akawaambia watafute faida. Sabuni moja ilinunuliwa kwa 800, kwa hiyo 11 ziligharimu 8,800. Mauzo ni 11,000. Faida 2,200. Wakashangilia.

"Haya, kanunueni tena sabuni 11."

Wakahesabu noti zao za manila mara mbili. Kwa 8,000 unapata sabuni 10. Duka lina faida na halina hela ya kujaza rafu. Kelele ziliisha. Mvulana mmoja aliuliza kama basi wasikopeshe kabisa, na binti yule akamjibu kwamba wateja watahamia genge la jirani. Shida si kukopesha, alisema, ni kukopesha mpaka mtaji unakatika.

Mwalimu akawauliza sasa wafanye nini. Walikubaliana kwamba duka lisikopeshe zaidi ya sabuni 2 kwa siku. Hapo 9 zingelipiwa, zingeingia 9,000, na mzigo wa 8,800 ungerudi rafuni.

Binti aliandika sheria hiyo ubaoni, akabaki ameshika chaki.

"Sabuni inangoja," akasema. "Nyanya za mama hazingoji."