Pima Saba za Ukili

Gari ya shamba iliniteremsha mbele kidogo ya Kitogani, kusini mwa Unguja, jua likiwa limekwisha panda juu ya minazi. Kulikuwa na mwendo wa robo saa kwa miguu kupita kwenye mawe na mashamba ya muhogo, kisha nyumba ya udongo na barazani kwake mwanamke wa makamo aliyekunja miguu juu ya jamvi, vidole vyake vikienda bila yeye kuvitazama.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, keti. Usikanyage chane zangu tu.”

Chane zilikuwa zimelazwa ndani ya kanga yenye unyevu: nyuzi bapa za ukindu, upana wake ukizidi kidogo njiti ya kibiriti. Nilikuwa nimekuja kuangalia kikapu kinavyosukwa. Hapo barazani hapakuwa na kikapu hata kimoja. Palikuwa na mkanda mrefu, mwembamba, uliozungushwa kama kamba ya ndoo ya kisimani. Huo ndio ukili, na kikapu chote, kuanzia kitako mpaka mdomo, ni ukili mmoja uliozungushwa na kushonwa ukingo kwa ukingo.

Kabla hajaniambia lolote juu ya kusuka, alinipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha majani. Mkindu hupenda mabonde yenye maji, na humea kwa kichaka, mashina kadhaa kwenye mzizi mmoja. Linalotakiwa ni jani changa la katikati, lile ambalo bado limefumba na kusimama kama mkuki. Likishafunguka huwa kijani na gumu, halikubali kuwa jeupe, na ukilikunja hukatika. Mkataji huingiza mkono kwenye miiba mirefu iliyoko chini ya mti wa jani, akate moja, aliache shina lipumzike. Anayerudi kwenye shina lile lile kabla halijatoa majani mengine ya kutosha hulidhoofisha, na mwishowe hulikausha. Mama huyu alikuwa na mtita aliouziwa na vijana wa jirani, naye alikuwa ameuchambua jani moja moja. Majani mawili aliyatupa kando. Yalikuwa yameanza kufunguka nchani.

Yale mazuri huanikwa juani kwa siku kadhaa, na usiku huachwa nje yapate umande. Jua na umande kwa pamoja ndivyo vinavyoyang'arisha. Mvua ndiyo adui. Alinionyesha fungu lililonyeshewa wiki iliyopita, limejaa madoadoa meusi ya ukungu. “Hili nalitia rangi nyeusi,” alisema, “lakini si la mbele ya kikapu. Doa hunywa rangi kivyake.” Zamani weusi huo ulitoka kwenye mizizi ya mdaa iliyochemshwa pamoja na ukindu. Sasa hutumia rangi ya unga ya dukani, anayoitia kwenye maji yanayochemka, akiugeuzageuza ukindu kwa kijiti ili usishike rangi upande mmoja, kisha huukausha kivulini.

Turudi kwenye chane, maana hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko kwingine. Jani huondolewa uti wake mgumu, kisha hupasuliwa kwa ncha ya kisu kidogo. Nilijaribu. Chane yangu ilianza vizuri, ikapanuka katikati, ikaishia kama mkia wa panya. Mama aliichukua, akaiweka kati ya chane zake mbili, hakusema kitu. Ukili husukwa mshazari: chane ya pembeni hukunjwa, ikapita juu ya jirani yake na chini ya yule wa pili, mpaka katikati, halafu zamu ya upande wa pili. Chane moja ikiwa pana, zinazoipita husukumwa, na upana wa ukili hubadilika. Kosa la unywele mmoja hurudi kila mzunguko, na baada ya dhiraa moja mkanda umeshapinda.

Ukili aliokuwa akiusuka ulikuwa wa chane 13, upana kama sentimita 3. Chane ikikaribia kwisha, nyingine hulazwa juu yake, na vimkia vyote huachwa upande wa nyuma vikingoja mkasi. Unyevu nao una kipimo chake. Ukindu mkavu hupasuka kwenye kunjo, na ukindu uliolowa sana husukika vizuri leo, kisha kesho ukikauka husinyaa na kuacha matundu. Ndiyo maana ya ile kanga: chane zipate ubaridi wa nguo tu, zisilowe.

“Ukili wa kikapu kimoja ni mrefu kiasi gani?” niliuliza.

Alinyosha mikono yake pande zote mbili. “Pima saba.”

Nilipiga hesabu kwenye daftari langu. Kikapu alichokuwa akikusudia kina kitako cha mviringo chenye upana wa sentimita 30, na ukuta wa kimo hicho hicho. Kitako kinataka kama mita 2 na robo za ukili, ukuta kama mita 9 na nusu. Jumla inakaribia mita 12, yaani pima sita na nusu. Nusu pima inayobaki ni ya kumalizia mdomo. Yeye hakuhitaji daftari.

Mchana alianza kushona kwa ukili aliokwisha kuusuka tangu juzi. Ncha ya mkanda aliikunja ndani yake yenyewe mpaka ikawa kidonge, kisha akauzungusha ukili kukizunguka, sindano ikipita kwenye kunjo za ukingo huu na za ukingo wa jirani ili zishikane kama meno. Mshono hauonekani. Kitako kilipofika upana wake, hakukata wala hakuongeza chochote. Aliuinamisha mkanda tu, akauvuta kidogo zaidi, na ukuta ukaanza kusimama. Ukivutwa sana upande mmoja, kikapu huegemea. Kila baada ya mizunguko miwili alikiweka sakafuni na kukigusa kwa kidole kuona kama kitayumba.

Mdomoni, ukili ungekatwa tu ungeacha ngazi. Kwa hiyo mwisho wa mkanda husukwa ukipunguzwa chane, kutoka 13 hadi 11, kisha 9, hadi uwe mwembamba na kulala juu ya mzunguko wa chini bila kuonekana ulikoishia. Ndani ya ukingo huo hushonewa kamba ya usumba. Mishikio nayo hushushwa ubavuni karibu mpaka kitakoni, kwa sababu mshikio ulioshonewa mdomoni peke yake hung'oka na ukingo siku ya kwanza unapobebeshwa muhogo.

Wanunuzi wengi wa mjini huangalia rangi na ukubwa, na hudai kikapu kidogo kiuzwe nusu ya bei ya kikubwa. Hilo linanikera. Kikapu kidogo husukwa kwa chane nyembamba, nazo hutaka zipasuliwe nyingi zaidi na kukunjwa mara nyingi zaidi kwa urefu ule ule, na hiyo ndiyo kazi inayolipwa kidogo. Anayetaka kujua anachonunua akigeuze kikapu ndani nje, ahesabu chane, atazame kama upana wa ukili ni mmoja juu na chini.

Alasiri Mama aliingiza kichwa chake nusu ndani ya kikapu na kukielekeza juani. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akanipa na mimi nitazame. Nuru ilipenya mahali pamoja tu, tundu dogo kama punje ya mtama, mizunguko mitatu chini ya mdomo, ambapo sindano iliruka kunjo moja.

“Hapo hata mchele hautoki,” nilisema.

Alikuwa ameshachukua mkasi. Alikata uzi na kuanza kufumua.